Siku tatu bila dawa: nani ameze nini, na saa ngapi

*"Habari mfamasia. Ijumaa mchana nilisafiri na mume wangu pamoja na mama, na mfuko wenye dawa zetu sote watatu ukabaki nyumbani. Tumerudi leo Jumatatu saa nne asubuhi. Mimi natumia vidonge vya majira vya pakiti ya 28, nilianza pakiti mpya Jumatano iliyopita na nameza saa tatu usiku. Mume wangu anameza ARV, kile kidonge kimoja cha TLD, saa hiyohiyo. Kipimo chake cha mwisho, miezi minne iliyopita, virusi havikuonekana. Mimi sina VVU. Mama anatumia amlodipini na haidroklorothiazaidi za presha kila asubuhi, na keshokutwa Jumatano ana kliniki. Jumamosi usiku mimi na mume wangu tulikutana bila kondomu. Je, kila mtu ameze za siku zote kwa mkupuo ili kufidia?"*

Hapana dada, asiwepo wa kumeza za siku tatu kwa mkupuo. Dozi iliyopita si deni. Mwili haukuwekei hesabu ya vidonge vinavyokosekana. Unachojali ni kiasi cha dawa kilichomo kwenye damu sasa hivi, na kilichotokea wakati kiasi hicho kilipopungua. Ndiyo maana mfuko ni mmoja na siku ni zilezile, lakini majibu yenu ni matatu tofauti.

Nitaanza na wewe, kwa sababu katika ninyi watatu ni wewe ambaye saa zinakukimbia. Mama na mume wako watameza dozi moja moja asubuhi hii na siku itaendelea. Wewe una jambo la kufanya leo ambalo kila saa linapocheleweshwa linapungua nguvu.

Chukua pakiti yako uitazame. Ina vidonge 21 vya rangi moja, ambavyo ndivyo vyenye vichocheo, na vidonge saba vya rangi nyingine, mara nyingi kahawia, ambavyo havina kichocheo chochote. Hivyo saba vipo ili usipoteze mazoea ya kumeza kila siku, na katika pakiti nyingi vimewekwa madini ya chuma. Ukisahau vya kahawia hata vyote saba, hujaharibu kitu: unavitupa na kuendelea na pakiti inayofuata kwa tarehe yake. Lakini wewe hukusahau vya kahawia. Ulimeza cheupe cha Jumatano na cha Alhamisi, kisha ukakosa vya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Umekosa vidonge vyeupe vitatu mfululizo, tena katika wiki ya kwanza ya pakiti, na hapo ndipo penye shida.

Watu wengi hudhani wiki ya hatari ni ile ya katikati, kwa sababu wamezoea kusikia kwamba yai hupevuka katikati ya mzunguko. Kwa anayetumia vidonge hivi mambo ni kinyume. Vichocheo vya kwenye kidonge huutuliza ubongo usitume ishara ya kulikuza yai. Ukiingia kwenye vidonge vya kahawia, ubongo unaachiwa siku saba bila kutulizwa, na taratibu ishara zinaanza kurudi na kifuko cha yai kinaanza kukua. Siku ya nane unapomeza cheupe cha kwanza cha pakiti mpya, ukuaji huo unakatizwa kabla kifuko hakijafikia kupasuka. Siku saba ndiyo nafasi iliyopimwa, na haina akiba kubwa ya kuongezea.

Sasa weka siku zako juu ya hesabu hiyo. Ulikuwa umetoka kwenye siku saba bila kichocheo, ukameza siku mbili tu, halafu ukaacha tena siku tatu. Siku mbili hazitoshi kuituliza ovari. Zinahitajika siku saba za kumeza mfululizo ndipo tuseme imelala kabisa. Kwa hiyo katika kipindi cha zaidi ya siku kumi, ovari yako imepata vidonge viwili tu vya kuizuia. Kama ungekosa vidonge hivyohivyo vitatu siku ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili, baada ya kumeza vizuri tangu mwanzo, wala nisingekwambia utafute dawa ya dharura. Ningekwambia endelea kumeza na utumie kondomu wiki moja.

Kwa hali yako, fanya hivi. Leo hii, ukishamaliza kusoma, nenda duka la dawa au kituo cha afya ukapate dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ile ambayo wengi wanaiita P2. Kilichomo ni levonogestreli, na dozi kamili ni miligramu 1.5. Zipo pakiti zenye kidonge kimoja cha kiasi hicho, na zipo zenye viwili vya miligramu 0.75 kila kimoja. Ukipewa vya pili, meza vyote viwili kwa pamoja, hakuna haja ya kusubiri saa kumi na mbili kati yake. Tangu Jumamosi usiku zimepita saa 36 hivi. Dawa hii inafanya kazi vizuri ndani ya saa 72, yaani hadi kesho Jumanne usiku, na hata baada ya hapo inaweza kutumika hadi siku ya tano ingawa nguvu yake inakuwa imeshuka. Usisubiri hiyo kesho. Inavyofanya kazi ni kuchelewesha yai lisitoke, kwa hiyo ikifika baada ya ishara ya kupasua kifuko kuwa imeshatumwa, haina la kufanya. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, rudia dozi. Na ikitokea mimba ilikuwa imeshatunga, dawa hii haiitoi wala haiidhuru.

Njia ya dharura yenye nguvu kuliko zote ni kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya siku tano tangu tendo. Inafaa kukifikiria hasa kama una uzito mkubwa, maana levonogestreli hupungua nguvu kwa wanawake wanene, au kama unaona wazi kwamba kukumbuka kidonge kila usiku si jambo lako. Ukiwekewa hicho, habari ya vidonge imekwisha na una kinga ya miaka. Kuna pia kidonge cha dharura cha ulipristali, ambacho hakichoki haraka kadiri siku zinavyokwenda, lakini chenyewe kinagombana na vichocheo vya vidonge vyako: ukikimeza, inabidi usubiri siku tano ndipo urudie vyeupe. Kwa mtu ambaye anataka kuendelea na pakiti yake leo, levonogestreli ni rahisi zaidi.

Baada ya hapo rudi kwenye pakiti. Meza sasa hivi kidonge cheupe kimoja, kile cha jana Jumapili, hata kama umeshameza P2. Saa tatu usiku meza cha leo Jumatatu kama kawaida. Vitakuwa viwili kwa siku moja, na hilo halina neno. Unaweza kusikia kichefuchefu kidogo. Vya Ijumaa na Jumamosi viache, vitoe uvitupe, ili mshale na majina ya siku kwenye pakiti vibaki vinasema kweli. Kuanzia leo tumia kondomu mpaka umeze vyeupe siku saba mfululizo bila kuruka. Kama utaona matone ya damu kesho au keshokutwa, hiyo ni kwa sababu kichocheo kilishuka ghafla. Si hedhi, na usiache vidonge kwa ajili yake. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa: wanaona damu, wanasema "basi mimba haipo," wanaweka pakiti kando wakisubiri kuanza upya, na ile nafasi ya siku bila kichocheo inazidi kurefuka.

Wiki tatu kamili baada ya Jumamosi hiyo pima mimba kwa mkojo, hata kama utakuwa umepata damu kidogo katikati. Ukipima kabla ya hapo, jibu la "hakuna" haliaminiki.

Idadi ya vidonge vinavyohesabika kuwa hatari inatofautiana kidogo kutoka mwongozo mmoja hadi mwingine, na ndiyo maana unaweza kusikia majibu mawili kutoka kwa wahudumu wawili ambao wote wanajua kazi yao. Shirika la Afya Duniani, kwa vidonge vyenye mikrogramu 30 hadi 35 za estrojeni, linaanza kudai kondomu pale unapokosa vitatu au zaidi. Ukikosa kimoja au viwili unameza unapokumbuka na kuendelea. Kwa vile vyenye mikrogramu 20 au pungufu, viwili vinatosha kuleta wasiwasi. Miongozo mingine inahesabu viwili kwa vidonge vyote. Mimi huwaambia wateja wangu waanze kondomu kwenye viwili, kwa sababu watu wachache wanajua kidonge chao kina mikrogramu ngapi.

Vitatu vikikupotea mwishoni mwa pakiti, yaani katika vyeupe saba vya mwisho, suluhisho ni la aina yake. Unamaliza vyeupe vilivyobaki, unavitupa vya kahawia vyote, na siku inayofuata unaanza pakiti mpya moja kwa moja. Hedhi ya mwezi huo haitakuja, au itakuja matone tu. Sababu ni ileile: ukiruka vyeupe vya mwisho kisha ukaingia kwenye vya kahawia, umejitengenezea siku kumi bila kichocheo badala ya saba. Kondomu siku saba inabaki palepale.

Haya yote ni ya vidonge vyenye vichocheo viwili. Wapo akina mama wanaonyonyesha waliopewa vidonge vyenye kichocheo kimoja. Pakiti yao yote ni ya rangi moja na haina vya kahawia. Hao hawana nafasi kubwa ya kuchelewa: kwa vile vya levonogestreli, ukipitisha saa tatu tu tayari umehesabika kuwa umekosa, na kwa vya desogestreli ni saa kumi na mbili. Wanameza mara wanapokumbuka, wanaendelea kwa saa yao ya kawaida, na wanatumia kondomu siku mbili. Siku mbili kwao, saba kwako. Usichukue ushauri wa jirani kabla hujajua pakiti yake ni ya namna gani.

Tukija kwa mume wako, asubuhi hii ameze kidonge kimoja cha TLD, na saa tatu usiku ameze cha leo. Najua inaonekana kama nimempa dozi mbili baada ya kukataza. Tofauti ni kwamba kati yake zinapita saa kumi na moja. Kanuni ya dolutegraviri, ambayo ndiyo nguzo ya kidonge hicho, ni kumeza unapokumbuka mradi dozi inayofuata haiko ndani ya saa nne. Kama mngefika nyumbani saa mbili na nusu usiku ningemwambia asubiri nusu saa ameze kimoja tu. Kuhusu usalama, wagonjwa wa TB wanaotumia rifampisini huongezewa kidonge kingine cha dolutegraviri cha miligramu 50 saa kumi na mbili baada ya TLD yao, na wanaendelea hivyo kwa miezi. Kwa hiyo vidonge viwili katika siku moja havitamdhuru.

Swali ambalo hukuliandika, lakini nadhani ndilo lililokufanya uandike, ni kama Jumamosi usiku ulikuwa hatarini kupata VVU. Alipokutana nawe alikuwa na saa 48 hivi tangu kidonge chake cha mwisho. Mtu ambaye virusi vyake vimefubaa, na ambaye kwa kawaida hamezi kwa kuruka, haanzi kumwaga virusi kwenye damu baada ya siku mbili. Dolutegraviri hupungua nusu kila baada ya saa 14 hivi, na tenofoviri na lamivudini hukaa muda mrefu zaidi ndani ya seli zenyewe kuliko kwenye damu. Watu wanaoacha dawa kabisa, virusi vyao kwa kawaida huchukua wiki mbili au zaidi kurudi kwenye kiwango kinachopimika. Kwa kipimo cha miezi minne iliyopita kisichoonyesha virusi, siwezi kukwambia ukimbilie dawa za PEP, zile za kuzuia VVU baada ya mtu kuwa hatarini.

Jambo moja tu lingenifanya nibadilishe maneno hayo, nalo ni yeye peke yake anayelijua: kama hizi siku tatu si za kwanza. Muulize bila kumkaripia. Mtu aliyekuwa anaruka mara mbili tatu kila wiki tangu kipimo kile, kipimo hicho hakimsemei tena, na hapo nendeni wote wawili kliniki leo mkaeleze. PEP inatakiwa kuanza ndani ya saa 72, kwa hiyo mlango wako nao unafungwa kesho usiku. Kondomu za siku saba ambazo tayari nimekuagiza zinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Kliniki yake ijue habari hizi hata kama kila kitu kiko sawa. Wahudumu wakiona tarehe ya kuchukua dawa haiendani na vidonge vilivyobaki kwenye chupa, wanabaki kubahatisha sababu. Akisema "nilikosa tatu, safarini," inaandikwa, na kipimo kijacho cha wingi wa virusi kitasomwa kwa kujua hilo. Usugu wa virusi baada ya siku tatu za TLD ni nadra. Hofu kubwa ilikuwa enzi za dawa zenye efavirenzi au nevirapini, ambazo zinakaa mwilini siku nyingi baada ya wenzake kwisha. Hapo virusi vinabaki vinapambana na dawa moja tu, na hujifunza kuishinda. Anayetumia bado dawa za aina hiyo asichukue ulegevu wa TLD kuwa ni wake. Na mwanamke anayetumia efavirenzi au rifampisini yeye mwenyewe, akienda kutafuta P2 amwambie mfamasia kabla ya kumeza, kwa sababu dawa hizo huipunguza levonogestreli na dozi ya kawaida huenda isitoshe.

Mama ndiye mwenye kazi nyepesi zaidi leo, na ndiye ninayemwogopea zaidi Jumatano.

Alimeza Ijumaa asubuhi kabla ya safari, akakosa Jumamosi na Jumapili, na za leo amechelewa saa tatu tu. Ameze za leo sasa, amlodipini moja na haidroklorothiazaidi moja, na kesho arudi kwenye saa yake. Za Jumamosi na Jumapili zisahauliwe. Amlodipini tatu kwa mpigo zinaweza kushusha presha kupita kiasi, na kwa mtu mzima hilo huonekana pale anaposimama usiku kwenda msalani na kuanguka. Siku nyingine akikumbuka amlodipini ndani ya saa kumi na mbili tangu muda wake, ameze. Zikipita hizo, asubiri ya kesho. Haidroklorothiazaidi ina sharti lake: inaongeza mkojo, kwa hiyo ikikumbukwa jioni ni bora aiache kuliko kukesha akienda chooni.

Presha yake haikupaa ghafla safarini, na sababu ni amlodipini. Hupungua nusu kila baada ya saa 30 hadi 50 hivi, kwa hiyo hata asubuhi hii, saa 75 baada ya dozi ya mwisho, bado kulikuwa na kati ya theluthi na sehemu ya tano ya kiasi chake cha kawaida. Iliondoka polepole. Lakini itarudi polepole vilevile: inachukua siku saba hadi nane za kumeza kila siku kabla ya kufikia kiwango chake kamili. Jumatano atakuwa amemeza siku tatu tu.

Hapa ndipo ninapoona mambo yakiharibika mara kwa mara. Mama anafika kliniki, anapimwa, mashine inasoma 168 kwa 98. Anaulizwa kama anameza dawa zake, naye kwa adabu na kwa kuogopa kugombezwa anajibu, "Nameza, mwanangu." Daktari anaamini kilicho mbele yake, anaona dawa mbili hazitoshi, anaongeza ya tatu. Wiki moja baadaye amlodipini imerudi kwenye nguvu yake, ya tatu ipo juu yake, na mama anaanza kizunguzungu kila akisimama. Familia inasema dawa mpya haipatani naye, anaacha zote, na mzunguko unaanza upya. Jumatano usimwache aende peke yake na jibu la adabu. Aseme, au useme wewe kabla hajafungwa mkono: "Alikosa Jumamosi na Jumapili, alirudia Jumatatu." Daktari anayesikia hivyo ataahirisha kuongeza dawa na kumwita tena baada ya wiki mbili hivi.

Kama mna mashine nyumbani, mpime leo. Akae kitini dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze. Pima mara mbili, uandike zote. Ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, mwache apumzike dakika chache umpime tena. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, aonwe na daktari leoleo, na usimwongezee vidonge nyumbani. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma vibaya, macho kuona ukungu, kuchanganyikiwa au upande mmoja wa mwili kulegea, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Nimemwona mama ana bahati ya kuwa kwenye dawa hizo mbili. Kama mfuko ungekuwa na klonidini, siku tatu bila hiyo si jambo la kusimuliwa kwa utulivu hivi: presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa kabla ya matibabu, ndani ya siku moja au mbili, na moyo kwenda mbio. Atenololi na propranololi nazo zikikatwa ghafla huweza kuleta maumivu ya kifua kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Anayetumia mojawapo ya hizo na amekosa siku kadhaa ampigie daktari wake kwanza, apimwe presha na mapigo.

Kabla sijasahau, dada, wewe presha yako imepimwa lini? Estrojeni iliyomo kwenye vidonge vyako inaweza kuipandisha, na mwanamke ambaye tayari ana presha, hata ikiwa imetulizwa kwa dawa, kwa kawaida huhamishiwa njia isiyo na estrojeni. Ukifika leo kufuata P2 kwenye kituo chenye mashine, nyoosha mkono upimwe.

Na huo mfuko mmoja wa watu watatu uugawe. Kila msafiri abebe za kwake za siku chache zaidi ya alizopanga kukaa, na zibaki kwenye pakiti au chupa yenye jina lake. Msizichanganye kwenye kikopo kimoja: amlodipini nyingi ni vidonge vidogo vyeupe, na vyako vya majira pia ni vidogo vyeupe.